Simu ya miadi iliyochanganyika: useme nini mapokezi, na kwa mpangilio gani

"Nipo mapokezi kwenye kliniki binafsi Masasi mjini. Tuna madaktari watatu, na wawili wanaitwa Mohamedi. Watu wanapiga simu kutoka vijijini, mara mtandao unakatika, mara anayepiga si mgonjwa mwenyewe, nami naandika nilichodhani nimesikia. Juzi mama mmoja alitoka Lukuledi akafika kwetu akakuta siku yake ilishapita. Daktari anataka niandike maneno maalumu ya kusema kwenye simu. Niulize nini, kwa mpangilio gani, na nifanyeje ili mtu mzima asione namhoji kama polisi?"

Wengi tunaokaa mapokezi hudhani kwamba kosa la miadi hutokea masikioni, na kwa hiyo dawa yake ni kupaza sauti na kumalizia kila sentensi kwa "sawa?". Masikio yana sehemu yake, na nitaifikia, lakini makosa mengi huanzia kwenye namna ya kuuliza. Ukimwuliza mtu "Wewe ni Fatuma Hamisi?" au "Ulisema Jumatano, eeh?", umeshampa jibu mkononi, na kazi yake imebaki kulikubali. Mgonjwa mwenye maumivu, mzee anayeona haya kumsahihisha mtu wa hospitali, kijana aliyetumwa na mama yake, na yule anayeangalia salio la simu likiyeyuka, wote watakuitikia "ndiyo", na ndiyo hiyo haikuambii chochote. Jambo la kwanza katika maneno yako mapya, basi, ni kwamba jina, daktari na siku vitoke kinywani mwa anayepiga, nawe uvirudie mwishoni, baada ya kuwa umevisikia vyote.

Sasa masikio. Simu ya kawaida haipitishi sauti nzima ya mtu. Kipimo cha siku zote ni takriban hezi 300 hadi 3,400, na sauti nyembamba zinazotofautisha "s" na "f" kwa sehemu kubwa ziko juu ya hapo. Ndiyo maana Saidi huweza kusikika Faidi. Lakini lugha yetu ina mtego wake mwingine, mkubwa zaidi kwa mtu wa miadi. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Jumatatu na Jumatano kinachosikika kwa nguvu ni "ta", ambayo wanayo wote wawili, na "tu" au "no", iliyobeba tofauti yote, ndiyo inayofifia mtandao ukilegea. Tarehe tatu na tarehe tano ni vivyo hivyo, kumi na tatu na kumi na tano, ishirini na tatu na ishirini na tano. Saa sita na saa tisa zina irabu zilezile, na "s" na "t" zake zimebadilishana nafasi tu. Kurudia neno lilelile kwa sauti kubwa hakusaidii, kwa sababu mkazo unaongezeka palepale penye kufanana. Kinachosaidia ni kuipa siku alama ya pili isiyofanana na ya kwanza hata kidogo.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu: namba ya kupiga, mgonjwa, daktari, siku na saa, kisha kurudia vyote. Namba inatangulia kwa sababu ya mtandao. Baada ya salamu, na kwa mtu mzima salamu hiyo iwe shikamoo hata kama foleni imefika mlangoni, sema:

"Nimekusikia, mama. Simu ikikatika, nikupigie kwa namba hii hii, au ipo nyingine?"

Iandike namba hiyo, lakini usiifanye kitambulisho cha mgonjwa. Simu moja katika nyumba hubebwa na watu wanne, na ukitafuta faili kwa namba ya simu utampata mwenye simu wakati anayeumwa ni bibi yake.

Kisha mgonjwa. Usiulize "jina lako nani?", kwa maana anayepiga atakupa la kwake kwa uaminifu kabisa. Uliza:

"Anayekuja kumwona daktari ni wewe mwenyewe, au unampigia mwingine?"

Na baada ya hapo:

"Naomba majina yake matatu, kama yalivyoandikwa kwenye kadi au daftari alilopewa hapa."

Utaambiwa "Mama Saidi". Hilo ni jina la heshima, na mwenyewe hujitambulisha hivyo kila siku, ila kwenye kabati lako huenda hakuna faili hata moja yenye jina hilo. Usimkosoe anayepiga. Sema tu, "Na kwenye kadi Mama Saidi ameandikwa nani?" Jina likikutatanisha, liombe kwa silabi ukiifungamanisha na neno linalojulikana: Hamisi, "si" ya sisi, Hamidi, "di" ya dirisha. Utaratibu huu ni mwepesi kuliko kutajiana herufi moja moja, kwa sababu watu wetu walijifunza kusoma kwa silabi.

Majina matatu hayatoshi. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya usalama wa wagonjwa ya mwaka 2007, lilitaka mgonjwa atambuliwe kwa vitambulisho visivyopungua viwili, kama jina na tarehe ya kuzaliwa, na likasema namba ya chumba isihesabiwe kuwa kimojawapo. Kwetu sababu ni dhahiri zaidi, maana mjukuu hurithi jina la babu. Saidi Hamisi Saidi wa mwaka 1952 na Saidi Hamisi Saidi wa mwaka 2009 wanaweza kutoka katika kijiji kimoja, hata katika uwanja mmoja, kwa hiyo kuuliza "wa wapi?" hakuwatenganishi. Kitambulisho cha pili kilicho bora ni namba ya faili. Kama hawana kadi karibu, uliza mwaka wa kuzaliwa kama ulivyoandikwa, ukikumbuka kwamba wazee wengi mwaka wao ni wa kukadiria na mtoto anaweza kutaja mwingine. Ukitofautiana na faili, usichague ulio karibu. Andika yote miwili na uweke alama ya kuulizia.

Kuna tabia moja ambayo ningependa uiache leo. Ni ile ya kumsomea anayepiga majina yaliyomo daftarini: "Hapa nina Fatuma Hamisi wa Mkuti na Fatuma Hamisi wa Lukuledi, wako ni yupi?" Hapo umemwambia mtu usiyemjua kwamba jirani yake wa Mkuti anatibiwa kwenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na mbali na sheria, Masasi ni mji ambao habari hufika nyumbani kabla ya mwenyewe. Yeye ndiye akupe kitambulisho. Wewe ndiye ulinganishe kimyakimya.

Kwa daktari, tatizo lenu la akina Mohamedi wawili ni dogo kuliko linavyoonekana, kwa sababu angalau mnalijua. Gumu zaidi ni kwamba kwa mgonjwa kila aliyemhudumia ni "dokta", awe tabibu, muuguzi au aliyempima damu. Jina la daktari peke yake lisikutosheleze hata pale linapotajwa bila kusita. Uliza:

"Ni mara ya kwanza, au daktari alimwambia arudi? Kama alimwambia arudi, alikuja lini mara ya mwisho?"

Jibu la swali hilo unaweza kulitafuta kwenye faili, na faili itakwambia nani alimwona. Usimwulize anaumwa nini. Anaweza kuwa ndani ya basi, simu ikiwa wazi na abiria wote wakisikiliza. Inatosha kuuliza kama ni mtoto, mtu mzima au mjamzito, ikiwa madaktari wenu wamegawana hivyo. Na ndani ya daftari acheni kuandika "Dkt. Mohamedi", andikeni majina mawili kila mara, hata pale wote mapokezi mnapojua ni yupi, kwa sababu atakayelisoma daftari siku hiyo huenda si wewe.

Daktari anatangulia siku kwa makusudi. Kila daktari ana siku zake za kukaa, na ukishamjua, siku zinazowezekana zinapungua kutoka sita hadi mbili au tatu. Siku isiyolingana na zamu ya daktari ni dalili ya kwanza kwamba mmoja wenu amesikia vibaya. Ni dalili tu, si jibu. Usiibadilishe siku mwenyewe ili ilingane; irudishe kwa anayepiga.

Kwa siku yenyewe, uliza wazi: "Ungependa aje siku gani, na tarehe ngapi?" Maneno kama kesho, keshokutwa na "Jumatano ijayo" yasiingie daftarini. Alhamisi, mtu akisema Jumatano ijayo, mmoja atahesabu siku sita na mwingine kumi na tatu, na wote wawili wamezungumza Kiswahili sahihi. Jina la siku na tarehe vikitajwa pamoja huchungana: Jumatano tarehe 4 Agosti 2026 haipo, kwa kuwa tarehe hiyo ni Jumanne, na ukitazama kalenda ya ukutani utaligundua kosa kabla simu haijakatwa. Ila mwezi huohuo una mahali ambapo ulinzi huo haufanyi kazi. Tarehe 3 ni Jumatatu na tarehe 5 ni Jumatano, na zote zinalingana na kalenda barabara, nazo kwenye simu mbovu zinasikika karibu sawa, neno kwa neno. Hapo ndipo unapohitaji ile alama ya pili niliyoitaja: "Jumatatu, siku inayofuata Jumapili", "Jumatano, siku inayotangulia Alhamisi". Sikukuu zinasaidia pia. Siku tatu kabla ya Nane Nane haichanganyiki na siku nyingine yoyote.

Nikuonyeshe simu moja kutoka mwanzo hadi mwisho, majina yakiwa ya mfano tu. Ni Alhamisi tarehe 30 Julai 2026. Kijana anapiga akiwa kwenye ghala la ufuta, kelele zimejaa nyuma yake.

"Naomba nafasi ya Mama Saidi kwa Dokta Mohamedi, Jumata... tarehe ta... saa tatu."

"Nimekusikia, kaka. Simu ikikatika nikupigie kwa namba hii hii?"

"Hii hii."

"Anayekuja ni mama yako? Kwenye kadi yake ameandikwa nani, majina matatu?"

"Fatuma Hamisi Bakari."

"Ahsante. Namba ya faili unayo hapo? Kama huna, nitajie mwaka wake wa kuzaliwa ulioandikwa."

"Kadi iko nyumbani. Ni sitini na moja."

Unazo faili mbili za Fatuma Hamisi Bakari, mmoja wa mwaka 1961 na mwingine wa 1988. Unaitoa ya kwanza bila kumtajia ya pili.

"Alikuja lini mara ya mwisho, na aliambiwa arudi?"

"Mwanzoni mwa mwezi huu wa saba. Aliambiwa arudi baada ya mwezi."

Faili inaonyesha alionwa tarehe 6 Julai, Jumatatu, na daktari ambaye Mohamedi ni jina la baba yake, tumwite Dokta Salumu Mohamedi. Huyo hukaa Jumatatu na Alhamisi. Ulichosikia wewe kilikuwa karibu zaidi na Jumatano. Usiseme "basi ni Jumatatu, sivyo?". Sema:

"Kaka, kelele zimenizidi na nisingependa mama asumbuke bure. Siku unayoitaka inatanguliwa na siku gani?"

"Jumapili."

"Vizuri. Sasa nakurudia yote, na nikikosea nikatize palepale. Mgonjwa ni Fatuma Hamisi Bakari, wa mwaka 1961. Anamwona Dokta Salumu Mohamedi, yule aliyemwona mwezi huu. Jumatatu, siku inayofuata Jumapili, tarehe tatu Agosti, kesho yake ikiwa tarehe nne. Saa tatu asubuhi. Nimekosea wapi?"

Angalia swali la mwisho. "Nimekosea wapi?" si sawa na "sawa?". La pili linaomba kukubaliwa, la kwanza linampa ruhusa ya kukusahihisha, na kwa watu waliolelewa kutompinga mtu wa ofisini ruhusa hiyo ni kubwa. Akinyamaza, mwombe yeye arudie: "Ukifika nyumbani utamwambia mama aje lini, na kwa nani?" Atakachosema hapo ndicho mama atakachoambiwa jioni, na ndicho unachotakiwa kukipima. Kwa mtu anayempigia mwingine simu, swali hili silikwepi kamwe.

Hofu yako ya kuonekana polisi inamalizwa na sentensi ileile ya kelele. Kosa libebe wewe: "nisije nikakosea", "masikio yangu leo si mazuri", "nakusumbua kidogo, mama, ili usije ukarudi bure". Mtu akijua unamhangaikia nauli ya kutoka Lukuledi hatakuona unamhoji. Kinachomfanya mtu ahisi kuhojiwa ni maswali mfululizo yasiyo na sababu, na kuulizwa mara mbili jambo alilokwisha kulijibu. Ndiyo maana mpangilio usibadilike siku hadi siku: ukiuzoea, hutarudi nyuma kuuliza ulichokisahau.

Saa nayo ina tatizo lake, ambalo halimo kwenye simu bali kwenye maandishi. Kompyuta ya kliniki ikituma ujumbe wenye 09:00, wapo watakaousoma saa tisa na kufika alasiri, daktari akiwa ameshaondoka. Kama ujumbe unaandikwa na mtu, uandikwe "saa 3 asubuhi". Kama unatumwa na mfumo wenyewe, mwombe anayeuhudumia abadilishe maneno, na mpaka abadilishe, mwambie kila anayepiga: "Utaletewa ujumbe wenye tisa na sifuri mbili, maana yake ni saa tatu asubuhi."

Utajiuliza kama ujumbe mfupi hauwezi kuchukua nafasi ya maneno haya yote. Kwa tarehe ni mzuri kuliko sauti, kwa sababu 3 na 5 zikiandikwa hazifanani. Lakini unafika kwenye simu ya mwana, si ya mama, na unaweza kusomwa na yeyote aliyeishika, kwa hiyo usiandike ndani yake ugonjwa wala aina ya kliniki. Ningeutumia kuthibitisha kilichokwisha kurudiwa kwa mdomo, kamwe si badala yake. Kumpigia mgonjwa siku moja kabla pia kunafaa, na kunanasa makosa yaliyopenya, ila kunagharimu muda wa maongezi na mtu wa kupiga. Kama uwezo ni mdogo, wapigie wale tu ambao mstari wao una alama ya kuulizia.

Alama hiyo iwe ya penseli na isifutwe mpaka mambo matatu yamekubalika: mtu, daktari, siku. Simu ikikatika katikati, andika ulichokipata, usikijaze pengo, na umpigie. Asipopokea, nafasi ibaki ya penseli, na aliye zamu baada yako aambiwe kwa mdomo. Siku za Jumatatu asubuhi, foleni inapokuwa ndefu, utashawishika kufupisha. Fupisha maelezo, fupisha hata salamu kwa vijana wenzako, lakini kule kurudia mwishoni kubaki kamili.

Maneno haya yana mipaka miwili. Wa kwanza ni pale anayepiga anapotaja hali isiyosubiri miadi: mtu anapumua kwa shida, mjamzito anatokwa damu, mtoto ana degedege, mtu amepoteza fahamu. Hapo jina na tarehe havina kazi. Mwambie amlete sasa hivi, au ampeleke hospitali iliyo karibu naye zaidi, kisha mwite daktari mkiwa bado mnaongea. Mwombe daktari wenu akuandikie orodha fupi ya hali hizo kwa mkono wake na muibandike pembeni ya simu, kwa kuwa si kazi ya mapokezi kuamua peke yako kipi ni cha dharura.

Wa pili ni faili ambazo zimeshachanganyika. Ukikuta ndani ya jalada moja maandishi ya Fatuma wawili, vipimo vya mmoja vikiwa kwa mwingine, usijaribu kuvitenganisha kwa simu, na usihamishe karatasi hata moja. Lipeleke jalada kwa mganga mfawidhi lilivyo, wagonjwa wote wawili waitwe, kila mmoja kwa siku yake, waje na kadi zao, na daktari ndiye aamue karatasi ipi ni ya nani akiwa nao ana kwa ana. Mpaka hapo, juu ya majalada yote mawili bandika karatasi ya rangi yenye maneno "jina linafanana, uliza mwaka".